Mashine ya kusaga inakula mota kidogo kidogo: jinsi ya kutenga hela ya kununua nyingine kabla haijafa

Nina mashine ya kusaga hapa Dumila, Morogoro, nasagia watu mahindi tu, sikoboi. Miaka 3 ya mwanzo nilikuwa najiona nina biashara nzuri, kila mwezi baada ya umeme na kumlipa kijana nabaki na zaidi ya laki 5, nakula, nalipa ada, maisha yanaenda. Mwezi wa 38 mota ikaungua. Fundi akaniambia kuisuka upya, yaani kuweka waya mpya ndani, ni laki 4 na nusu, na mimi mfukoni nilikuwa na elfu 60. Nikakopa laki 5 kwa mtu wa riba za mtaani, siku 9 mashine imefungwa, wateja wamehamia kwa jirani, na wengine hawajarudi mpaka leo.

Siku hiyo ndo nilielewa kwamba ile laki 5 niliyokuwa naita faida haikuwa yote faida. Kila mia niliyopokea kwa kilo ilikuwa na kipande cha mota yangu ndani yake, nilikuwa nauza chuma changu taratibu bila kujua, halafu nakila. Huo ndo uchakavu, hakuna kitu cha ajabu zaidi ya hapo. Sasa nieleze ninavyopiga hesabu siku hizi. Ntatumia namba za mashine yangu, we weka zako, bei zinatofautiana sana kati ya mji na mji.

Kwanza igawe mashine, usiihesabu kama kitu kimoja

Watu wengi wanasema "mashine yangu ya milioni 4, itadumu miaka 10", wanagawanya, basi. Hapo ndo wanapotea, coz kinu na mota havizeeki pamoja. Kinu ni bodi la chuma, ukibadilisha nyundo na beringi kwa wakati kinaweza kukaa miaka mingi sana. Mota ina waya ndani unaochoka kwa joto, na ikifa inakufa ghafla. Stata, kile kifaa cha kuwashia mota, nayo ina visahani vya kugusanisha umeme ambavyo vinaungua kidogo kila unapowasha.

Kwa hiyo chukua daftari, andika vitu vikubwa tu, vile ambavyo vikifa leo huwezi kuvilipia kwa mauzo ya wiki moja. Vyangu ni 3. Kinu pamoja na stendi yake nilinunua milioni 1 na laki 8. Mota ya HP 20 fezi tatu milioni 2. Stata na waya laki 4. Jumla milioni 4 na laki 2.

Nyundo, chekeche, mikanda na beringi usiviweke hapa. Hivyo ni matumizi ya kawaida, vinaisha na kubadilishwa mara kwa mara, vina fungu lao dogo ambalo mi nalitoa shilingi 4 kwa kila kilo. Ukivichanganya na hela ya mota, utajikuta kila mwezi unachomoa hela ya mota kununulia mikanda, na siku mota ikifa boksi ni tupu.

Pili, tafuta uchakavu wa mwezi

Hapa unahitaji namba 3 kwa kila kitu: ulinunua shilingi ngapi, kitadumu miezi mingapi, na kikifa utakiuza skrepa shilingi ngapi. Mota iliyokufa bado ina shaba ndani na wanunuzi wa skrepa wanaijua, usiitupe wala usimwachie fundi bure.

```
uchakavu wa mwezi = (bei ya kununua - bei ya skrepa) / miezi ya kudumu
```

Mota yangu: milioni 2 toa laki 2 ya skrepa, inabaki milioni 1 na laki 8. Nimeipa miaka 6, yaani miezi 72. Gawanya, unapata elfu 25 kwa mwezi. Kinu: 1,800,000 toa 240,000, gawa kwa miezi 120, ni elfu 13. Stata: laki 4 toa elfu 40, gawa kwa miezi 60, ni elfu 6. Jumla 44,000 kwa mwezi.

Najua utauliza miaka 6 nimeitoa wapi. Sijaitoa kwenye kitabu, nimeuliza mafundi wawili wanaosuka mota na wenye mashine watatu wa huku huku, mota za aina yangu zinazofanya kazi kama yangu zimekufa zikiwa na umri gani, nikachukua ile fupi fupi. Muuza duka usimuulize hili swali, yeye atakwambia mota yake haifi. Na kama umenunua mota ya mtumba, usiipe umri wa mpya, hata kama imepakwa rangi inang'aa. Mi ningeipa nusu.

Sasa elewa hizo elfu 25 zina maana gani. Baada ya miezi 24 mota imeshachakaa kwa laki 6, kwa hiyo kwenye daftari thamani yake imebaki milioni 1 na laki 4. Hiyo siyo bei utakayouzia, sokoni unaweza kupata chini ya hapo au juu, ni hesabu tu ya kwamba sehemu gani ya mota umeshaitumia na sehemu gani bado ipo. Wahasibu wana njia nyingine pia, ile ya kukata asilimia fulani ya thamani iliyobaki kila mwaka, ambapo mwaka wa kwanza unakata kubwa na inapungua kadiri unavyoenda. Kwa gari inaleta maana, coz gari likitoka tu bandarini linaanza kushuka bei. Kwa mota inayosaga ujazo uleule kila mwaka, hii ya kugawa sawa inatosha kabisa na huwezi kuikosea.

Kuhusu kodi niseme kidogo tu, maana watu wanachanganya. Kama uko kwenye makadirio ya TRA, kodi inapigwa kwenye mauzo, kwa hiyo uchakavu haukupunguzii kitu, hii hesabu ni ya kwako mwenyewe. Ukiwa mkubwa unaandaa mahesabu kamili ndo uchakavu unaingia, na hapo wanatumia viwango vyao vya kisheria, siyo miaka uliyoikadiria wewe na fundi wako.

Tatu, rudi kwenye faida yako uitazame upya

Mwezi wa kawaida nasaga kilo 10,400, yaani kama 400 kwa siku kwa siku 26. Kilo moja mia, kwa hiyo naingiza 1,040,000. Umeme kama 185,000, kijana 200,000, pango 80,000, vipuri vidogo kama 42,000. Inabaki 533,000. Hapo ndo nilikuwa naishia zamani. Toa 44,000 ya uchakavu, faida yenyewe ni 489,000. Tofauti siyo kubwa kiasi cha kukuua njaa, na ndo maana inauma, maana ningeitoa tangu mwanzo nisingeisikia. Miezi 38 mara elfu 25 ya mota peke yake ni 950,000, ningelipia kusuka na nusu yake ingebaki.

Ila angalia hapa, watu wanakwama sana. Kuandika uchakavu kwenye daftari hakuleti hela. Unaweza kuwa na hesabu safi kabisa, uchakavu umeandikwa kila mwezi kwa kalamu nyekundu, na siku ya kununua mota huna hata mia. Uchakavu ni maandishi, akiba ni hela zenyewe zinatoka kwenye droo zinaenda mahali pengine. Lazima ufanye vyote viwili.

Nne, usitenge kwa mwezi, tenga kwa kilo

Hili nimejifunza kwa kukosea. Mwanzo nilikuwa najaribu kutoa 44,000 kila tarehe 30, Julai na Agosti nikatoa vizuri kabisa coz watu wametoka kuvuna na magunia yapo, ikifika Februari watu ghala zimeisha, wananunua unga dukani kilo moja moja, mashine inalala mchana kutwa, nikaanza kuruka mwezi, halafu miwili, halafu nikaacha kabisa.

Sasa hivi nachukua 44,000 nagawa kwa kilo 10,400, inakuja shilingi 4 na senti. Napandisha mpaka 5. Kila kilo iliyosagwa, shilingi 5 siyo yangu, ni ya mashine. Mwezi wa kilo 16,000 natoa elfu 80, mwezi wa kilo 6,000 natoa elfu 30, sigombani na msimu. Na inaleta maana pia kwa upande wa chuma, mashine ikisaga sana inachakaa sana, ikilala haichakai sana. (Siyo kwamba haichakai kabisa, unyevu unakula mota iliyolala, lakini siyo sawa na mzigo.) Ile ziada inayotokana na kupandisha hadi 5, kwa mwezi wa kawaida ni kama elfu 8, naiacha humo humo kama mto wa kulalia.

Sasa kilo utazijuaje kama hukai mashineni? Kijana anaandika kwenye daftari, sawa, lakini mi namhakiki kwa mita ya umeme. Fanya hivi siku moja ukiwa mwenyewe: soma mita, saga kilo 100 zilizopimwa kwa mizani, soma mita tena. Kwangu ilikula yuniti 5. Kwa hiyo mwezi ukila yuniti 520 najua zimesagwa kilo kama 10,400, taa ya kibandani haili kitu cha kuhesabu. Daftari likisema 8,000 tunakaa chini na kijana tunaongea.

Na hiyo yuniti 5 kwa kilo 100 ina faida nyingine ambayo sikuitegemea. Narudia kipimo kila mwezi. Ikipanda kufika 6 au 7, kwa mahindi makavu yaleyale, kuna kitu kimechoka: nyundo zimelika mviringo hazipigi tena zinasukuma, au chekeche limeziba, au mkanda unateleza, au beringi inabana. Mahindi mabichi nayo yanapandisha, kwa hiyo usipime siku mteja kaleta mahindi ya jana shambani. Nyundo zikiwa zimelika upande mmoja zipindue kwanza kabla hujanunua mpya, zina pembe nyingine bado kali. Ukiachia hali hiyo mota inavuta umeme zaidi muda wote, inapata moto, na ile miaka 6 uliyoipa inakuwa 4 bila wewe kujua.

Tano, hela ikae wapi

Siyo kwenye droo ya mashine, hilo halina mjadala. Siyo pia kwenye laini ya simu unayopokelea wateja. Mi nina laini ya pili, simu ya tochi, inakaa nyumbani kwenye kabati, jioni kijana akileta hesabu narusha humo ya siku, elfu 2 siku ya kawaida, kila siku. Ikifika laki 2 naihamisha, coz simu ni rahisi mno kuichomoa na makato ya kutoa yanakula.

Kuhamishia wapi ni juu yako. Benki akaunti ya akiba isiyo na makato ya mwezi ni sawa. Kuna wanaoweka UTT AMIS, Mfuko wa Ukwasi, unanunua vipande na ukitaka hela unaomba unasubiri siku chache za kazi, huko angalau hela inakua kidogo wakati inasubiri mota. Ila hizo siku chache zihesabu, usiweke yote huko, acha angalau ya kusuka mota mahali unapoifikia siku hiyohiyo. Vikoba sikushauri kwa fungu hili. Siyo kwamba ni vibaya, tatizo ni kalenda, hela iko mikononi mwa wanachama mpaka mzunguko uvunjwe, na mota haitasubiri Desemba. Na mkivunja, unaletewa hela yote mkononi siku moja karibu na sikukuu, tujuane tu.

Sita, kila Januari piga simu dukani

Hapa ndo kuna kosa kubwa kwenye uchakavu wa kawaida. Uchakavu unaangalia bei uliyonunulia, lakini mota mpya utainunua kwa bei ya siku hiyo. Ukitenga kwa bei ya zamani miaka 6, utafika dukani umepungukiwa. Wengine wanakisia mfumuko wa bei wa miaka yote mbele, mi siwezi na sidhani kuna haja. Kila Januari napiga simu duka nililonunulia na lingine moja Gerezani kule Dar, nauliza mota ya HP 20 fezi tatu ya aina ileile leo bei gani, halafu naanza hesabu upya:

```
kutenga kwa mwezi = (bei ya leo - skrepa - akiba iliyopo) / miezi iliyobaki
```

Tuchukulie mota imefanya miaka 2. Bei yake dukani imefika 2,250,000. Fungu la mota lina laki 6, skrepa laki 2. Inabaki 1,450,000, gawa kwa miezi 48 iliyobaki, ni kama 30,200. Mi naandika 30,500. Kutoka 25,000 kwenda 30,500 siyo mshtuko, na ukijumlisha na kinu na stata inakuwa 49,500, ambayo bado imo ndani ya zile shilingi 5 kwa kilo. Mto wa kulalia ndo unapungua, na ndo kazi yake. Siku hesabu ikivuka shilingi 5, nahamia 6. Ukisubiri mwaka wa tano ndo upige simu, tofauti yote inabebwa na miezi 12.

Hesabu hiyohiyo inamsaidia aliyechelewa kuanza. Jirani yangu mmoja mota yake iko mwaka wa nne, akiba sifuri, miezi kama 24 imebaki. 2,250,000 toa laki 2, gawa kwa 24, ni 85,400 kwa mwezi. Alipoona hiyo namba akacheka akafunga daftari. Nikamwambia usilenge mota mpya, lenga kusuka. Kusuka laki 4 na nusu gawa kwa 24 ni chini ya elfu 19 kwa mwezi, hiyo anaiweza. Mota iliyosukwa na fundi mzuri kwa waya wa saizi sahihi inaweza kukupa miaka mingine, na hiyo miaka ndo unaanza kutenga ya mpya. Ila ujue kusuka kuna mwisho wake, wakati wa kutoa waya wa zamani mafundi wengine wanachoma moto mkali, chuma cha ndani kinaharibika, mota ikirudi inapata joto hata bila mzigo. Ikirudi iwashe bila mkanda nusu saa, ishike. Ikiwa haishikiki, irudishe hapohapo.

Kitu ambacho hii akiba haikilindi

Mota yangu ya kwanza, kusema ukweli, haikufa kwa uzee. Fezi moja ilikatika kwenye laini, mota ikaendelea kuzunguka kwa fezi mbili inalalamika, kijana akadhani ni mahindi mabichi, baada ya dakika chache moshi. Hiyo siyo uchakavu, hiyo ni ajali, na hakuna hesabu ya miezi 72 itakayoikamata. Ajali inazuiwa kwa vitu viwili: kifaa cha kukata umeme fezi ikipotea, na kinga ya mzigo kwenye stata iliyosetiwa kulingana na ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Mafundi wengine wakichoka kuitwa kila stata ikikata wanaipandisha kinga mpaka mwisho, haikati tena, na mota ndo inalipa. Nenda kaangalie ya kwako imesetiwa ngapi, linganisha na kibati.

Na kama mashine yako ni ya mkopo, rejesho la mkopo siyo akiba. Rejesho linalipia mota iliyoko kibandani, shilingi 5 inalipia ijayo. Ukiona huwezi vyote kwa pamoja anza hata na 2 kwa kilo, ukimaliza mkopo peleka rejesho la miezi michache ya mwanzo humo humo kabla mkono haujazoea.

Siku ukinunua mota mpya, andika ukurasa mpya: tarehe, bei, namba iliyo kwenye kibati, usomaji wa mita siku hiyo. Ya zamani ipeleke skrepa wiki hiyohiyo, na hela yake ingie kwenye fungu kabla hujapita sokoni.